Ndoo Ishirini kwa Usiku Mmoja

Tanzania ilipositisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, maneno ya ofisini yalishuka hadi mialoni. Moja lilikuwa gumu kuliko mengine: mavuno kwa juhudi. Mtu anayetaka kulieleza kwa slaidi za kutelezesha kidole kwenye simu, istilahi moja kwa kila slaidi, ana nafasi ya maneno 30 hivi kabla maandishi hayajawa madogo mno kusomeka.

Tafsiri ya kamusi haisaidii. "Uwiano wa samaki waliovuliwa na nguvu iliyotumika" ni sentensi sahihi, lakini mvuvi wa Kibirizi haioni kazi yake ndani yake. Afadhali slaidi iseme: "Mavuno kwa juhudi ni samaki ambao mtumbwi mmoja unapata kwa usiku mmoja." Kisha mfano ufuate.

Chukulia mitumbwi 10, kila mmoja unaleta ndoo 20 za dagaa. Jumla ni 200. Miaka kadhaa baadaye mitumbwi ni 20, kila mmoja unaleta ndoo 12, na jumla inakuwa 240. Anayehesabu ndoo zinazofika mwaloni atasema ziwa limenona. Mwenye mtumbwi, ambaye mafuta na posho ya mabaharia wake havijapungua, anajua amepoteza ndoo nane. Mfano huu unafaa kwa sababu namba mbili zinakwenda pande tofauti. Ungekuwa na mitumbwi ileile 10, istilahi isingekuwa na kazi yoyote, kwani jumla pekee ingetosha kuonyesha upungufu.

Hatari iko kwenye neno "usiku". Dagaa huvutwa kwa taa, na mbalamwezi huipunguzia taa nguvu. Kulinganisha usiku wa giza na usiku wa mwezi mpevu ni kumpotosha msomaji. Taa nazo zimebadilika, kutoka karabai hadi za betri na sola. Mtumbwi wenye taa nyingi zaidi haufanyi tena juhudi ileile, hata ukiitwa mtumbwi mmoja. Kwa hiyo mstari mdogo chini ya mfano uandikwe: "Usiku wa giza, taa na nyavu zilezile." Maneno saba tu, lakini bila hayo mvuvi mzoefu ataikataa slaidi nzima, na atakuwa na haki.

Njia ya kupima ni rahisi: mpe slaidi mtu asiyehusika na uvuvi, muuza vitenge wa Ujiji kwa mfano, kisha muulize ni mwaka upi ziwa lilikuwa na samaki wengi. Akijibu "ule wa ndoo 240", mfano umeshindwa. Huenda jumla imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko ndoo za mtumbwi mmoja.

Slaidi ya "kupumzisha ziwa" ina shida nyingine. Watu huipiga picha na kuisambaza WhatsApp ikiwa peke yake, bila zile zilizoitangulia. Ikisema "ziwa limefungwa hadi Agosti" bila kutaja 2024, mwaka unaofuata itarudi kama tangazo jipya.