Milioni 300 Zisizokuwapo

Katika kikao cha bodi cha SACCOS moja yenye matawi matatu, mhasibu alisoma kwamba mikopo chechefu, yaani iliyochelewa zaidi ya siku 90, imefika asilimia 10. Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, akapiga hesabu pembeni ya karatasi yake, kisha akauliza: "Mwanangu, asilimia kumi ya bilioni tatu ni milioni mia tatu. Hizo milioni mia tatu ziko kwa nani?"

Hazikuwa kwa mtu yeyote. Takwimu nimezirahisisha hapa ili hesabu ifuatike, lakini kosa ni lilelile. Tawi la mjini lilikuwa na salio la mikopo la shilingi milioni 2,400, na chechefu milioni 96, sawa na asilimia 4. Tawi la pili lilikuwa na salio la milioni 400 na chechefu 48, asilimia 12. La tatu, salio la milioni 200 na chechefu 28, asilimia 14. Mhasibu alizijumlisha asilimia hizo tatu akagawa kwa tatu, akapata 10. Lakini chechefu zote kwa pamoja ni milioni 172, na salio lote ni milioni 3,000. Jibu sahihi ni asilimia 5.7.

Kugawa kwa tatu kuliyapa matawi yote sauti sawa, ilhali tawi la mjini pekee limebeba shilingi nne katika kila tano zilizokopeshwa. Tena, kosa la namna hii halitii chumvi tu. Laweza kugeuza habari yenyewe. Tuseme robo iliyofuata salio halikubadilika, mjini chechefu zikapanda hadi asilimia 6, na matawi mawili madogo yakashuka hadi 10 na 11. Wastani wa kawaida utakuwa 9, na bodi itapongezana kwa kupungua kutoka 10. Kumbe chechefu zimepanda kutoka milioni 172 hadi 206, yaani asilimia 6.9. Bodi ingepumua wakati ule ule ilipopaswa kwenda mjini kuuliza kulikoni.

Katika Excel, kama salio liko safu B na asilimia ziko safu C, hii ndiyo iliyotumika:

```
=AVERAGE(C2:C4)
```

Na hii ndiyo iliyotakiwa:

```
=SUMPRODUCT(B2:B4,C2:C4)/SUM(B2:B4)
```

Kila asilimia huzidishwa kwa uzito wa tawi lake, majibu hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa jumla ya uzito. Swali gumu ni lipi liwe uzito. Mhasibu aliposahihisha mara ya kwanza alitumia idadi ya wanachama, ambao walikuwa 1,000, 700 na 300, akapata asilimia 8.3. Kanuni ilikuwa sahihi, jibu bado si sahihi. Uzito wa kiwango chochote ni ile asili yake, namba iliyogawanya pale tawini. Asilimia ya chechefu ilipatikana kwa kugawa kwa salio la mikopo, basi uzito wake ni salio. Wastani wa mkopo mmoja ulipatikana kwa kugawa kwa idadi ya mikopo, basi uzito ni idadi hiyo. Safu moja ya uzito haiwezi kuhudumia viashiria vyote vya taarifa.

Kuna mtego mwingine ambao nimeuona ukiwanasa hata wazoefu. Tawi la tatu likichelewa kuleta asilimia yake, na salio lake tayari limeingizwa, SUMPRODUCT huhesabu seli tupu kuwa sifuri, lakini SUM ya chini bado inalihesabu salio lile. Jibu linashuka hadi asilimia 4.8. Hakuna onyo linalotokea kwenye kioo, na tawi lililonyamaza limehesabiwa kama halina deni bovu hata moja. Asilimia iliyoingia kama maandishi badala ya namba huleta matokeo hayo hayo.

Wastani wa kawaida una mahali pake: ukitaka kujua mameneja wa matawi kwa ujumla wanafanyaje, kila meneja akiwa mmoja, gawa kwa idadi yao. Ila usiuite kiwango cha SACCOS nzima.

Kipimo cha kugundua kosa ni kile kile cha mwalimu. Chukua asilimia ya pamoja kabla ya kufupisha desimali zake, izidishe kwa salio lote, ulinganishe na jumla ya chechefu iliyoko kwenye leja. Zisipokutana, taarifa isitoke.

Fomu inayojazwa na matawi ya SACCOS ile sasa haina nafasi ya asilimia. Tawi linaandika salio na chechefu kwa shilingi kamili, na asilimia inakokotolewa makao makuu, mara moja, kutokana na jumla.