Mistari 5, Hatua 12

Picha yenyewe ni ndogo: mistari 5 ya Python juu ya mandhari nyeusi, maneno mengine ya zambarau, mengine ya kijani, na pembeni kushoto namba za mistari. Aliyetumiwa picha hiyo kwenye simu hajawahi kuandika programu hata moja. Anauliza swali moja tu: hii inafanya nini?

```python
jumla = 0
for i in range(3):
    bei = input("Bei: ")
    jumla = jumla + int(bei)
print(jumla)
```

Jibu fupi ni kwamba inauliza bei tatu, inazijumlisha, kisha inaonyesha jumla. Ni jibu sahihi lisilomsaidia, maana kesho akiletewa picha nyingine atarudi na swali lile lile. Basi mwelezaji huamua kwenda mstari kwa mstari, na hapo ndipo maelezo mengi yanapoharibika. Anashuka kutoka wa kwanza hadi wa tano kama asomaye barua, ilhali kompyuta haipiti humo kwa mpangilio huo. Mistari ni 5, lakini kwa hesabu yangu hatua zinazotendwa ni 12, na mwanafunzi asipoziona hizo 12 hajaelezwa kitu.

Kwanza tuondoe visivyo vya programu. Namba za pembeni na rangi huwekwa na programu ya kuandikia msimbo, ili kumpumzisha mwandishi macho. Ukibadilisha rangi zote, kompyuta haitajua. Nafasi tupu zilizo mwanzoni mwa mstari wa 3 na wa 4, ambazo mgeni huziona kama pambo, ni sehemu ya programu kabisa, tutazirudia.

Kisha maneno. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa: `for`, `in`, `range`, `input`, `int` na `print` ni ya Python, na `jumla` na `bei` ni ya aliyeandika. Hili lisemwe mapema, kwa sababu mgeni hudhani kompyuta inaelewa kwamba `jumla` ni jumla. Haielewi. Futa `jumla` kila mahali, weka `embe`, na programu itatoa jibu lile lile. Lakini ukiandika `onyesha` badala ya `print`, itagoma.

Sasa mstari wa 1. Alama ya `=` aliyoizoea shuleni inadai kwamba pande mbili ziko sawa. Hapa inaamuru: chukua kilicho kulia, kihifadhi chini ya jina lililo kushoto. Lugha ya Pascal, iliyotoka mwaka 1970, iliandika `:=` kwa kazi hiyo, na nadhani ilikuwa busara, kwani wanafunzi wa Python hukwama kwenye mstari wa 4 kwa sababu hii hii. `jumla = jumla + ...` katika hesabu za kawaida ni upuuzi, maana hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ikiongezewa 500. Ukiusoma kuanzia kulia unaeleweka: soma jumla ya sasa, ongeza bei, andika jibu mahali pale pale. Ya zamani inafutika. Jina hushika thamani moja kwa wakati mmoja, nalo halikumbuki iliyokuwemo kabla.

Mstari wa 2 ndio unaovunja mpangilio wa kusoma. `range(3)` inatoa namba 0, 1 na 2, ambazo ni tatu ingawa 3 yenyewe haimo. Kwa kila namba, `i` inapokea namba hiyo, kisha mistari iliyosogezwa ndani inatendwa. Mwanafunzi makini atauliza mbona `i` haionekani tena popote. Ni kweli haitumiki. Ipo kwa sababu `for` inadai jina. Nukta mbili za mwisho wa mstari zinatangaza kwamba kundi la mistari linafuata, na zile nafasi tupu ndizo zinazoonyesha kundi linaishia wapi.

Kwa hiyo baada ya mstari wa 4 hatuendi wa 5. Tunapanda kurudi wa 2. Tuhesabu: mstari wa 1 unapitiwa mara moja, wa 2 mara nne, ya nne ikiwa ya kugundua kwamba namba zimekwisha, wa 3 na wa 4 mara tatu kila mmoja, wa 5 mara moja. Ndizo hizo 12.

Kwenye mstari wa 3 kompyuta inaandika `Bei: ` na kusimama ikimsubiri mtu. Atakachoandika kinarudi kama maandishi, hata kikiwa 500: herufi tatu zilizopangana, ambazo bado si kiasi. Ndiyo maana mstari wa 4 una `int(bei)`, nao husomwa kutoka ndani kwenda nje: kwanza maandishi yanageuzwa kuwa namba nzima, kisha ndipo kujumlisha. Ukiiondoa `int`, mtu ataandika bei ya kwanza na programu itafia hapo, kabla ya kuuliza ya pili:

```
TypeError: unsupported operand type(s) for +: 'int' and 'str'
```

Tafsiri yake ni kwamba alama ya kujumlisha imepewa namba upande mmoja na maandishi upande wa pili. Na hata `int` ikiwepo, mtu akiandika 1,200 kwa mkato, kama tunavyoandika pesa, inakataa kwa `ValueError`, kwa kuwa haijui mkato ule ni wa nini.

Haya yote hayashiki kwa kusikiliza. Mpe karatasi, achore safu mbili, afunike mistari yote isipokuwa ule unaotendwa, na yeye mwenyewe awe kompyuta. Bei ziwe 500, 1200 na 300:

```
bei     jumla
-       0
500     500
1200    1700
300     2000
```

Kila anapoandika namba mpya aikate ya juu yake kwa kalamu.

Picha ina udhaifu wake. Msimbo ulio ndani yake haunakiliki kama maandishi ya kawaida, kwa hiyo mwanafunzi ataupiga upya, pengine kwa simu. Kibodi za baadhi ya simu hugeuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na Python inajibu `SyntaxError` kwa mstari ambao machoni pa mwanafunzi unafanana kabisa na wa kwenye picha. Picha pia haionyeshi kama ule upenyo wa mwanzoni mwa mistari umewekwa kwa nafasi nne au kwa kitufe cha Tab, na Python 3 hukataa mchanganyiko usioeleweka wa hivyo viwili.

Kujua kama ameelewa, usimuulize kama ameelewa. Usogeze mstari wa 5 ndani, ulingane na wa 4, umwambie atabiri. Aliyefuata hatua atasema zitatokea 500, 1700 na 2000, kila moja kwenye mstari wake, kwa sababu `print` sasa imo ndani ya mzunguko. Halafu urudishe ulipokuwa, uchukue mstari wa 1 uuweke ndani, kabla tu ya `bei`. Anayekisia kwa maana ya jina atasema bado 2000. Mwenye karatasi ataona `jumla` ikirudishwa 0 kila mzunguko, naye atasema 300.