Pongezi kwa Imamu Mpya, Ngorongo

Twawapongeza waumini wa Ngorongo, katika bonde la Rufiji, kwa kumtawaza imamu mpya katika kazi ambayo sharia yenyewe imeitia unyenyekevu. Kwani akisahau rakaa, maamuma aliye nyuma yake, hata awe kijana mvuvi aliyetoka mtoni sasa hivi, humwambia "Subhanallah", naye hurejea akaitimiza, kisha akasujudu sijda mbili za kusahau. Na sala yenyewe huifupisha kwa ajili ya mkongwe, mgonjwa na mwenye haja. Twamlaki hivi:

Karibu imamu wetu, mihirabu yakungoja,
Nyuma yako safu zetu, zasimama kwa pamoja,
Kilemba si enzi katu, kwake Mola tu wamoja,
Tukikukumbusha kitu, usione ni kioja.