Kadi Moja ya Maoni, Kazi Mbili

Kadi ya maoni inayoletwa mezani pamoja na bili kwa kawaida huuliza: "Umeonaje chakula chetu?" Jibu linajulikana kabla kalamu haijashikwa: "Kizuri." Mhudumu kasimama pembeni, mteja kashiba, na kwa adabu zetu huli kwa mtu halafu ukamwambia wali wake ulikuwa na mawe. Mwisho wa mwezi mwenye mgahawa ana rundo la "kizuri" ambalo halimwambii mpishi abadili nini, na hata akilibandika kwenye tangazo halimvuti mtu.

Kadi iliyopangwa vizuri inatosha kuwa na maswali manne. La kwanza ni "Umekula nini leo?" La pili: "Ukimsimulia mwenzako sahani hiyo, utamwambia nini?" La tatu: "Kuna chakula ulichokitaka ukaacha kukiagiza? Kwa nini?" La nne ni la ruhusa, "Tunaweza kutumia maneno yako kwenye matangazo?", na vijisanduku vitatu vitupu: kwa jina la kwanza, bila jina, hapana.

Swali la ruhusa limewekwa mwisho kwa makusudi. Likitangulia, mteja anajua anaandikia tangazo, na ataanza kupamba. Vijisanduku navyo viachwe vitupu ili atie alama mwenyewe. Jina la mtu ni taarifa yake binafsi, na Kenya ina sheria ya kulinda taarifa hizo tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Swali la pili ndilo linalozaa nukuu, kwa sababu halimwombi mteja sifa. Linamwomba asimulie, na anayesimulia hutaja vitu: tui, ndimu, moshi wa mkaa.

Ila mimi naliona swali la tatu kuwa ndilo lenye mali. Tuchukue mgahawa wa kubuni wa chakula cha mchana wenye vyakula 10 kwenye menyu, unaouza sahani 1,000 kwa mwezi. Mwaka 1982 Kasavana na Smith, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, walitoa njia ya kupima menyu kwa mambo mawili: chakula kinauzwa kiasi gani, na kila sahani inabakiza shilingi ngapi baada ya kutoa gharama ya viungo na malighafi. Kwa vyakula 10, kila kimoja kingeuza asilimia 10 kama wateja wangegawanyika sawasawa. Wao walisema kinachofikia asilimia 70 ya mgawo huo kihesabiwe kuwa kinapendwa. Kwa mgahawa wetu, basi, mstari ni sahani 70.

Pweza wa nazi ameuza sahani 40. Vyakula vingi hapo vinabakiza kati ya shilingi 3,000 na 4,000 kwa sahani, yeye anabakiza 7,000. Daftari la mauzo linaishia hapo: pweza ana faida, hana wanunuzi. Mwenye mgahawa mwenye haraka atamfuta pweza. Kadi zinasema jambo jingine. Waliomla wanamsifu, na kwenye swali la tatu jina lake linajirudia: "Pweza, niliambiwa nisubiri nusu saa." "Nilimtaka pweza, muda wa ofisi ukanibana." Tatizo haliko kwenye ladha wala bei. Pweza anachemshwa baada ya kuagizwa. Achemshwe asubuhi, mchana abaki kutiwa tui na kupashwa moto tu.

Hapa kazi mbili za kadi zinaanza kugombana. Anayetafuta nukuu ana haki ya kuchagua, anayepanga menyu hana. Kwa hiyo kadi zote zihesabiwe kwanza, na za wanaonung'unika zimo humo humo, ndipo mtu wa matangazo aruhusiwe kuzishika. Na akichagua, asikate sentensi. Mteja aliyeandika "Pweza laini, tui zito, ila nilisubiri mpaka nikakata tamaa" hajakupa nukuu ya pweza laini. Ama uichapishe nzima, ama uiache.

Kuna kasoro moja ambayo maneno mazuri ya kadi hayaitibu: mhudumu akiachiwa achague wa kumpa, atawapa wanaocheka. Dawa ni kuambatanisha kadi na kila bili ya tano, iwe ya yeyote, na kuandika pia zilizorudi tupu. Zikirudi tupu nyingi kutoka meza za saa saba, saa ya msongamano, ujue unasikiliza zaidi wale wasio na haraka, na wanaokerwa na kusubiri umewakosa.

Baada ya kubadili upikaji, maswali yaachwe vilevile mwezi mwingine, daftari liangaliwe. Tuseme pweza amefika sahani 90. Kabla ya kushangilia, tazama samaki wa kupaka naye kafikaje. Kama anabakiza 6,000 na ameshuka sahani 50, wateja wamehama tu kiti: pweza ameongeza shilingi 350,000, samaki kapunguza 300,000, na jikoni sasa kuna sufuria moja zaidi inayokula gesi tangu asubuhi.