Tangu Lini?

Afisa wa kliniki mahiri humjua mgonjwa wake kwa kutomharakisha. Katika kliniki za ARV za Kitengela na Kajiado, mtu akisema, "Daktari, sina raha, na ndoto zinanitesa," ni rahisi kuilaumu efavirenzi. Aliye hodari huuliza kwanza: "Zilianza lini, baba?"

Efavirenzi ina kawaida yake. Kizunguzungu na ndoto kali huja siku za mwanzo, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Mgonjwa wa namna hiyo huelezwa, hutulizwa, na hushauriwa ameze dawa wakati wa kulala, tumbo likiwa tupu, kwa sababu chakula chenye mafuta huipandisha damuni. Sahani ya mbuzi choma ya saa mbili usiku inatosha kuharibu usingizi.

Sasa tuseme ni mchuuzi wa nguo wa Kitengela, aliyeitumia miaka mitatu bila shida, na huzuni yake ina wiki sita. Hapo kawaida ile haimwelezi. Ni nini kilichobadilika? Anaulizwa kuhusu pombe, madeni, msiba, na kama nyumbani wanajua hali yake. Kisha faili lafunguliwa: miezi miwili iliyopita alianzishiwa isoniazidi ya kuzuia kifua kikuu. Watu wengi wa Afrika wamerithi ini linaloivunja efavirenzi polepole. Kwao isoniazidi huziba njia ya pili ambayo mwili uliitegemea, na dawa hurundikana. Isoniazidi yenyewe nayo yaweza kuvuruga akili.

Hata hivyo afisa hahukumu bado, na hapa ndipo ninapoustahi zaidi ufundi huu. Huuliza homa, kichwa kinachouma siku nyingi na shingo ngumu, maana homa ya uti wa mgongo huweza kujificha nyuma ya mtu "aliyebadilika". Humtembeza kisigino kwa kidole, kwani anayepepesuka huenda amelimbikiza dawa. Hujaza naye fomu ya PHQ-9, na swali la tisa, la kutaka kujiua, huliuliza waziwazi. Mwenye mpango wa kujiua haruhusiwi kwenda nyumbani peke yake.

Baada ya hapo hupimwa kiwango cha virusi. Kikiwa chini, huhamishiwa dolutegraviri, ambayo Kenya imewapa wagonjwa wengi tangu 2018. Nayo huweza kunyima usingizi, kwa hiyo wengi huimeza asubuhi. Efavirenzi hutoka mwilini taratibu, kwa hiyo huzuni yake hupimwa tena baada ya mwezi, si kesho yake. Huzuni ikibaki, hutibiwa kama ugonjwa wa sonona wenyewe.

Ukiwa unatumia efavirenzi na moyo umeanza kulemewa, usiache vidonge kwa uamuzi wako. Rudi kliniki kabla ya tarehe yako, na ukifikiria kujiua, nenda leo.