Penseli ya Mwalimu wa Magomeni

Mwalimu wangu wa zamani, mstaafu anayeishi Magomeni Mapipa, bado anawasahihishia watoto wa jirani insha zao za kidato cha nne. Kalamu nyekundu haishiki mpaka mwisho. Huanza na penseli na rula.

Juzi nilimkuta na insha juu ya Ngoswe, tamthiliya ya Edwin Semzaba. Swali lilitaka mwanafunzi aeleze nani wa kulaumiwa kwa kuharibika kwa kazi ya kuhesabu watu. Kurasa tatu na ushee, mwandiko wa kupendeza. Mwalimu akapita nayo polepole, kila dondoo akilifungia mabano ya penseli. Kisha akasoma yaliyobaki nje ya mabano, kwa sauti, kana kwamba madondoo hayapo. Katika maneno kama 430, yalibaki 120 tu, na mengi yalikuwa ya kufungua mlango: "kama mhusika anavyosema", "hapa mwandishi anaonesha kuwa".

"Sikiliza, mwanangu," akaniambia, "mtoto mwenyewe yuko wapi humu?"

Dondoo refu si kosa kwake. Hutazama sentensi inayolifuata. Mwanafunzi akishika neno moja la mhusika akalitumia kujibu swali, dondoo limelipa. Akirudia maneno yaleyale kwa lugha yake, hapati kitu, hata kama amenukuu bila kukosea herufi. Na pale lugha inapopanda ghafla bila alama za kunukuu, huweka kiulizo pembeni. Madesa yana lafudhi yake, na mwalimu aliyezoea sauti ya darasa lake huisikia.

Katika ukurasa wa pili akakuta sentensi moja, imebanwa kati ya madondoo mawili ya mistari minane: Ngoswe alikabidhiwa kijiji kizima peke yake, hapakuwa na wa kumkagua. Wengi humlaumu Ngoswe na mapenzi yake kwa Mazoea, wakaishia hapo. Mwanafunzi huyu aligusa waliomtuma, kisha akaogopa akajificha nyuma ya kitabu. Ndipo kalamu nyekundu ikatoka. Akaipigia mstari sentensi hiyo, akaandika pambizoni: "Insha yako inaanzia hapa. Dondoo gani linathibitisha hili? Chagua moja, lisizidi mistari miwili." Alama, sita kati ya 15.

Kazi hii ilimchukua zaidi ya nusu saa, kwa insha moja. Sisi tulisahihishiwa hivyo, na tulinuna. Leo darasa limefurika, madaftari ni marundo, na msahihishaji hutafuta hoja zilizohesabiwa, apige vema, aende. Siwalaumu wote, mshahara na muda vinajulikana. Lakini mbele ya macho ya haraka, wingi wa madondoo huonekana kama usomaji mwingi, na insha ile ingerudi na 11 na vema kwenye kila aya. Mwanafunzi yule angefurahi, angenakili marefu zaidi muhula ujao, na asingejua kwamba katika kurasa zile alikuwa na sentensi yake mwenyewe.