Koma ya 1,067 na pampu ya futi 180

Njia ya reli inayotoka Kindu kwenda Kongolo na Kabalo ina upana wa 1,067. Ukiikuta namba hiyo kwenye hati ya Kifaransa ikifuatwa na m, ni mita moja na milimita 67. Ukiikuta kwenye hati ya Kiingereza ikifuatwa na mm, ni milimita elfu moja na sitini na saba. Tarakimu ni zilezile, koma ni ileile na upana ni uleule, ila koma ya kwanza inatenga desimali na ya pili inatenga maelfu. Kwenye reli mambo hujipatanisha yenyewe. Kwenye zabuni ya vifaa vya maji hayajipatanishi, na anayelipia tofauti ni mnunuzi.

Dosiye za zabuni hapa Kongo huandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo koma ni ya desimali na maelfu hutengwa kwa nafasi: 12 500,75. Karatasi za watengenezaji wa Marekani, Uingereza au Uhindi huandika 12,500.75. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliamua mwaka 2003 kwamba nukta na koma zote mbili zinakubalika kwa desimali, na kwamba maelfu yatengwe kwa nafasi tupu, si kwa nukta wala koma. Wauzaji wengi hawaufuati uamuzi huo. Makala hii inafuata desturi ya Kongo.

Namba inayotia shaka ni ile yenye alama moja tu ikifuatwa na tarakimu tatu kamili. Jenereta ya “1,250 kg” haimdanganyi mtu, kwa sababu hakuna jenereta ya kilo moja na robo. Hatari iko pale maana zote mbili zinapowezekana: tangi la “1.250 m³” laweza kuwa la kisima cha shule au hifadhi ya mtaa mzima. Hapo usikisie. Tafuta kwenye karatasi hiyohiyo namba nyingine yenye alama mbili, au yenye tarakimu moja au mbili baada ya alama, kwa mfano 0.75 kW. Hiyo itakuonyesha mwandishi anatumia desturi gani. Ukikosa, mwandikie muuzaji akujibu kwa lita.

Kompyuta nayo ina mtego wake. Eksel iliyopangwa kwa Kifaransa ikipokea orodha ya bei yenye 1,250.75, huiona kuwa ni maandishi, si namba. Utaitambua kwa kuwa imesogea upande wa kushoto wa kisanduku, na jumla ya safu inairuka bila kulalamika. Wengine hubadilisha nukta zote ziwe koma kwa mkupuo mmoja, wakaishia na 1,250,75. Njia salama ni kuiambia programu alama ipi ni ya desimali na ipi ni ya maelfu:

```
=VALEURNOMBRE(A2;".";",")
```

Sasa tuchukue mfano wa kituo cha afya kando ya Lualaba kinachohitaji mita za ujazo 6 za maji kwa saa, na kimo cha jumla cha kusukuma, kile ambacho mafundi huandika HMT, ni mita 35. Ofa inakuja na karatasi ya Kimarekani:

```
Max. flow: 50 GPM
Max. head: 180 ft
Motor: 2 HP, 230 V, 60 Hz
Discharge: 1-1/4 in NPT
Tank: 1,050 gal
```

Afisa ununuzi anaanza na hesabu. Galoni ya Marekani ni lita 3,785, yaani tatu na ziada. Ya Kiingereza ni 4,546, kubwa zaidi kwa asilimia 20, kwa hiyo kwanza ahakikishe ni ipi. Galoni 50 kwa dakika zinakuwa lita 189, sawa na mita za ujazo 11,4 kwa saa. Futi 180 zikizidishwa kwa 0,3048 ni mita 54,9. Tangi ni karibu lita 4 000. Tulihitaji 6 tumepata 11, tulihitaji 35 tumepata 55. Ofa inaonekana imepita kwa mbali, na hesabu haina kosa hata moja.

Kosa liko kwenye neno lililotangulia namba. “Max” katika mstari wa kwanza ni maji yanayotoka pampu ikiwa haipandishi chochote. Katika mstari wa pili ni kimo ambacho maji yanasimama kwenye bomba bila kutoka hata tone. Vilele hivyo viwili havikutani kamwe. Kinachotakiwa ni mchoro wa utendaji, ule mstari unaoshuka jinsi maji yanavyoongezeka. Tuseme mchoro wa pampu hii unatoa galoni 30 kwa dakika kwenye futi 120, yaani mita za ujazo 6,8 kwa saa kwenye mita 36,6. Bado inafaa, kwa kubana.

Lakini mchoro huo umepimwa kwa Hz 60, na umeme wa Kongo ni Hz 50. Mota ya kawaida itazunguka kwa sehemu tano kati ya sita za kasi yake. Maji hupungua kwa kiwango hichohicho. Kimo huzidishwa kwa tano ya sita mara mbili, yaani hubaki asilimia 69. Ile nukta ya galoni 30 kwenye futi 120 inakuwa galoni 25 kwenye futi 83, au mita za ujazo 5,7 kwa saa kwenye mita 25. Na kilele chake, pale maji yanapogoma kutoka, kinashuka kutoka mita 55 hadi 38. Kwenye mita 35 zetu pampu itanguruma na kutoa maji kiduchu. Zaidi ya hayo, mota ya V 230 iliyosukwa kwa Hz 60 ikipewa volti zilezile kwa Hz 50 huvuta mkondo mkubwa kupita kiasi na kupata joto. Pampu ya sola yenye kidhibiti chake cha kasi ni habari nyingine, maana kidhibiti ndicho kinachotengeneza Hz.

Mstari wa bomba usibadilishwe kabisa. Inchi 1 na robo ni jina la saizi, si kipimo: anayeandika mm 31,75 anaagiza bomba lisilo hilo. Saizi yake huitwa DN 32, na kwa nje bomba la chuma lina mm 42 hivi. NPT ni aina ya nyuzi ya Kimarekani, nyuzi 11,5 kwa inchi. Mabomba ya huku yana nyuzi za gazi, 11 kwa inchi. Vikifungwa pamoja huzunguka kidogo, vikakaza mapema, kisha vikavuja, na fundi husingiziwa kwamba hakufunga vizuri.

Kwa hiyo katika dosiye usiandike “pampu ya hadi m 50”. Neno “hadi” humruhusu muuzaji kuleta chochote kilicho chini yake. Andika: maji yasiyopungua m³ 6 kwa saa kwenye HMT ya m 35, V 220 hadi 240, Hz 50, tundu la kutolea maji la DN 32 lenye nyuzi za gazi. Weka pembeni namba ya asili ya muuzaji pamoja na kizio chake, ili kamati iweze kurudia hesabu. Na ofa yoyote isiyo na mchoro wa utendaji wa Hz 50 irudishwe kabla bei yake haijasomwa.